Bi Robo na Saa Zilizofichwa na Mzee Nguzo

Ofisini kwetu hakuna aliyependa kumwona Bi Robo akikaribia meza yake siku ya Ijumaa. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu kila alipopita alikuwa na swali moja: robo saa iliyopita ulikuwa unafanya nini, na kwa kazi ya mteja gani. Alianza kazi hapa kama mpokezi, akijibu simu na kupokea vifurushi. Miaka kumi na minne baadaye ndiye meneja wa ofisi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na hata wahandisi wenye vyeti vya kujaza ukuta humjibu kwa adabu. Mimi sikuwa mmoja wao. Mimi nilimjibu kwa kiburi, na nitaeleza jinsi kiburi hicho kilivyonitokea puani.

Sisi ni wahandisi washauri. Tunapiga hesabu za nguzo, mihimili na misingi ya majengo, na wateja wanatulipa kwa saa. Kwa hiyo kila mtu ana karatasi ya saa, na kila mwisho wa wiki anaikabidhi. Mwezi ule mkurugenzi, kijana aliyerithi ofisi kwa baba yake, alitangaza kwamba yeyote ambaye asilimia yake ya saa za wateja kwa miezi mitatu iko chini ya sitini ataagwa mwisho wa mwezi. Orodha ilibandikwa ukutani. Aliyekuwa chini ya sitini ni mmoja tu, Mzee Nguzo, kwenye arobaini na tisa.

Mzee Nguzo anakaa meza inayogusana na yangu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Anafika saa moja asubuhi, wakati sisi wengine bado tunatafuta soksi, na haongei sana. Aliisoma ile orodha, akarudi kukaa, akaendelea na hesabu zake. Mchana nilimsikia akimwambia mkewe kwenye simu, "Mama watoto, jiandae. Nadhani nitarudi kukaa nyumbani. Nimechoka, nimekuwa mzito." Iliniuma sana. Nilikasirika na mkurugenzi, nikakasirika zaidi na Bi Robo, maana ndiye aliyepiga hizo hesabu.

Jumanne Bi Robo alituita chumba cha mikutano. Kabla hajafungua mdomo nikamchokoza.

"Dada, hiyo asilimia inapima kazi au inapima nani anajua kujaza karatasi?"

"Leo inapima kujaza karatasi," alinijibu bila kupepesa jicho. "Ndiyo maana nimewaita."

Akachukua kalamu, akaandika ubaoni arobaini. Hizo ni saa za kazi za wiki. Aliyekuwa likizo siku moja anatolewa nane, zinabaki thelathini na mbili, hatuonewi kwa likizo. Juu yake akaandika saa zilizofanyiwa kazi ya mteja. Saa thelathini kwa arobaini ni asilimia sabini na tano. Hakuna anayetegemewa kufika mia, alisema, kwa sababu mikutano kama huu, mafunzo, na kuandaa zabuni ambayo hatujaipata havina mteja wa kulipa. Navyo vinaandikwa, ila kwenye namba ya ofisi, si kwenye namba ya mteja.

"Kwa hiyo kila karatasi ijumlishe arobaini," alisema. "Ikipungua, kuna kitu umekificha. Na ikiwa kila siku ni nane, nane, nane, mteja yule yule, hapo kuna kitu umekibuni."

Hapo hakunitazama, lakini masikio yangu yalipata moto. Mimi nilikuwa najaza karatasi Ijumaa jioni, nikiwa nimeshashika funguo za gari. Nane, nane, nane. Kwenye orodha nilikuwa na tisini na moja, na nilikuwa nikijisifu.

Baada ya kikao alivuta kiti, akakaa kando ya Mzee Nguzo na karatasi tupu.

"Mzee wangu, wiki iliyopita umejumlisha saa ishirini na sita. Na mlinzi anasema unafika kabla ya ufagio. Hizo nyingine zimeenda wapi?"

"Zimepotea tu, binti yangu."

"Basi leo nakaa hapa tuzitafute."

Alikaa siku nzima. Kila Mzee alipobadilisha kazi, Bi Robo alimtaka aandike saa. Msimamizi wa ujenzi wa shule alipiga simu kuuliza nondo za ngazi: robo saa, mteja wa shule. Nikampa hesabu zangu za ghala azikague, kama ninavyofanya kila siku: saa moja na nusu. Mzee akataka kuiruka hiyo.

"Hiyo nimemsaidia tu kijana."

"Ukaguzi umo kwenye mkataba wa ghala," alisema Bi Robo. "Andika."

Halafu ukaja mhimili wa ukumbi. Msanifu wa mteja alikuwa amebadilisha ramani, na Mzee aliurudia mhimili ule kwa saa nne na nusu. Kwenye karatasi akaandika mbili.

"Mbona mbili?"

Mzee akasema polepole, "Zamani ningeumaliza kwa saa mbili. Mteja asilipie uzee wangu."

Nilijifanya nasoma. Bi Robo aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, karatasi hii haiulizi ilipaswa kuchukua muda gani. Inauliza imechukua muda gani. Kama ni nyingi, mkurugenzi ndiye atakayezipunguza kwenye ankara, na ataona anachopunguza. Ukipunguza wewe huku chini, hakuna anayeona. Halafu tunapopanga bei ya kazi nyingine tunaangalia hizi mbili zako, tunamwahidi mteja mbili, na vijana wanahangaika."

Nikakumbuka kazi zangu zote zilizopitiliza saa tulizopangiwa. Zilipangwa kwa saa hizo Mzee alizozipunguza kwa aibu.

Jioni Bi Robo alijumlisha: saa sita na robo za wateja, saa moja ya zabuni, dakika arobaini na tano za kikao. Nane kamili. Nikamwambia arudi nyuma, amjazie Mzee ile miezi mitatu, mambo yaishe.

"Nijaze saa za kubuni, kama zako?" aliniuliza.

Akaenda kwa mkurugenzi na karatasi ile moja. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu alisikia. Alikiri kwamba hesabu za orodha ya ukutani alizipiga yeye mwenyewe na kwamba ni mbovu, kwa sababu alijumlisha bila kuuliza. Akaomba wiki nne za saa za kweli kwa watu wote kabla mtu hajaagwa. Alipewa.

Wiki nne zilipoisha, Mzee Nguzo alikuwa na saa mia moja na kumi na nne za wateja, kati ya mia moja hamsini na mbili alizokuwapo, ukitoa siku moja ya likizo. Sabini na tano. Mimi nilikuwa na sitini na tatu, na wala sibishi.

Mzee aliishika karatasi yake kwa mikono miwili, akaisoma mstari kwa mstari. "Kumbe nilikuwa nafanya kazi," alisema. Akachukua simu.

"Mama watoto, ile habari ya kuja kukaa nyumbani iache. Nina kazi. Hapana, hawajanionea huruma. Imeandikwa hapa."

Alipokata simu alichukua kalamu, akatazama saa ya ukutani, akanigeukia.

"Dakika za kuongea na mke zinaandikwa namba gani?"