Nusu ya Posho

Baba yangu hakuwahi kuingia nyumbani kwetu tangu nipate akili. Kila Jumamosi mchana alishuka kutoka bandarini Kilindini, akavuka Makupa kwa miguu, akapandisha hadi Magongo, akatua kifuko cha unga kwenye kitalu, ule ukingo wa ua wetu. Akakohoa mara moja, akasimama barabarani kidogo, kisha akashika njia ya kwao, upande wa Rabai, kwa mkewe wa kanisani. Mama alingoja mpaka apotee ndipo akatoka kuuchukua. Ilikuwa nusu ya posho ya baba, chakula alichopewa kazini kila juma. Nusu nyingine ilikwenda Rabai.

Mimi nilikuwa namnunia. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na tangu hapo sikuwa mtu wa kusahau haraka. Nikimwona amesimama pale barabarani namgeuzia mgongo, najifanya nafagia. Watoto wa jirani walikuwa na baba wanaoketi ndani, wanaodai maji ya kuoga, wanaogombeza watu. Wangu alikohoa tu akaenda zake. Niliwaambia wenzangu kwamba yule ni mtu anayemletea mama unga wa kuuza, nao wakacheka, kwa sababu mtaa mzima ulijua mimi ni wa nani.

Halafu Jumamosi moja hakuja, na iliyofuata hakuja. Mama aliendelea kusuka makuti yake ya kuezekea. Siku tatu baadaye alifika kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi reli pale Changamwe, akasimama mlangoni kofia mkononi. Baba alikuwa amefia kazini. Kamba ya winchi ilikatika meli ikipakiwa, mzigo ukamshukia. Alikwisha zikwa kwao zamani, na hakuna aliyefikiri kutuletea habari.

Hatukukaa matanga. Ungemwalika nani, na umwambie umefiwa na nani kwako? Mama alilia huku akisuka, na mimi nilikasirika kwa sababu sikujua kama nina haki ya kulia.

Ni mjomba aliyeleta habari ya fidia. Mwisho wa miaka ile ya arobaini ilikuwa imekuja sheria mpya ya wafanyakazi: mtu akifa kwa ajali ya kazi, tajiri wake anaweka fedha mahakamani, na hakimu ndiye anayewagawia wategemezi wa marehemu. Mjomba alikwenda mjini ofisi ya kazi akakuta majina yamekwisha andikwa: mjane na watoto wake wanne. Karani akamwambia kama kuna mtoto mwingine aletwe mbele ya hakimu kabla ya mgawo, na waje na ushahidi. Hesabu ni ile ile moja, alisema. Akiongezeka mtu, mafungu ya wengine yanapungua.

Hapo ndipo mjomba alipoharibu. Sisemi kwa ubaya, maana alitupenda, lakini alikuwa mtu wa kujua mambo kabla hajaambiwa. Karani alimwambia ushahidi, yeye akasikia ndoa. Kwetu mtoto ni wa yule aliyetoa mahari. Pasipo mahari mtoto ni wa babu yake mzaa mama, wala hana cha kudai kwa wengine. Akaona dawa ni moja tu. Akatafuta wazee wawili wa kuapa kwamba baba alitoa mbuzi, na kwamba kadzama, lile tembo la mnazi wanalopewa wazee wakati wa kuposa, lilinywewa mbele yao. Hakukuwa na mbuzi wala tembo. Kisha akamkataza mama asiutaje ule unga. Mume gani, alisema, anayeacha chakula kwenye ua kama anayelisha mbwa wa watu? Hakimu akisikia hivyo atajua hapakuwa na ndoa. Na mimi akanifundisha: nikiulizwa, niseme baba alikuwa akilala kwetu.

Nililirudia jibu lile njia nzima ya kwenda mjini, nikitembea nyuma ya mama. Nililipenda. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na ruhusa ya kusema nilichokuwa nikikitaka siku zote.

Mahakamani tuliketi benchi la kushoto, wao la kulia. Mjane alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, amevaa kaniki ya eda, na watoto wake walimbana pande zote mbili. Mkubwa alikuwa na paji la uso langu. Nilimtazama mpaka mama akanifinya. Kando yao aliketi mzee wa kanisa lao, kitabu kikubwa chenye jalada jeusi kikiwa mapajani.

Hakimu alikuwa Mzungu mwenye sauti ndogo, na maneno yake yalitufikia kupitia kwa mkalimani. Wazee wa mjomba hawakudumu. Wa kwanza alisema tembo lilinywewa Magongo, nyumbani kwa mama. Wa pili, aliyekuwa amengojeshwa nje, akasema lilinywewa Rabai. Idadi ya mbuzi ndiyo usiseme. Hakimu aliweka kalamu chini, akauliza kama wanajua adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, na wazee wale wakapungua kimo mbele ya macho yangu. Mjomba alikuwa akitazama sakafu.

Ndipo mzee wa kanisa akaomba kusoma kitabu chake. Kilikuwa kitabu cha baraza la wazee wa kanisa, na walikileta kutumaliza, kuonyesha kwamba marehemu alikuwa na ndoa moja tu. Akasoma pole pole. Miaka minne nyuma mke wa marehemu alilalamika mbele ya baraza kwamba mumewe anapeleka posho kwa mwanamke wa Magongo. Mume aliitwa, akakiri kwamba zamani alizini na mwanamke huyo, na kwamba mtoto wa kike aliyezaliwa ni wake. Aliondolewa kwenye Meza ya Bwana. Mzee akafunga kitabu, akaketi. Mama alijifunika uso kwa leso, na mimi nikajua tumekwisha.

Hakimu alimwambia aendelee kusoma mpaka chini ya ukurasa.

Mzee alikifungua tena shingo upande. Baraza, akasoma, lilimtaka marehemu mambo mawili. La kwanza, asikanyage tena nyumba ya mwanamke yule. Alikubali, akaapa. La pili, aache kupeleka chakula. Alikataa. Akasema mtoto ni damu yake na atamlisha maadamu ana mikono. Kwa hiyo baraza likamwacha nje ya Meza ya Bwana mpaka atakapotii.

Hakutii. Alikaa miaka minne nje ya Meza ya Bwana, na kila Jumapili alipokuwa kwao aliketi benchi la nyuma wenzake wakiinuka kwenda mbele kupokea mkate na divai.

Hakimu akasema maneno marefu, mkalimani akayafupisha. Mama si mke, kwa hiyo mama hapati kitu, na uongo ule wa wazee ungeweza kutuletea balaa. Lakini kwa mtoto sheria haiulizi kama wazazi walioana. Inauliza mambo mawili: je, ni mtoto wa marehemu, na je, siku marehemu alipokufa mtoto alikuwa akila kwa jasho lake, japo kwa sehemu? La kwanza kitabu kilikwisha jibu, kwa kinywa cha marehemu mwenyewe. La pili kitabu hakikuweza kulijibu, kwa kuwa maneno yale yalikuwa ya miaka minne nyuma, na mtu hubadilika. Akamuuliza mama. Mama akasema kweli yote, habari ya kitalu na ya kukohoa, lakini aliisema kwa kuchelewa, baada ya wazee wa uongo, na sauti yake ilitetemeka kama ya anayetunga. Hakimu aliandika, lakini uso wake haukuonyesha kwamba ameamini. Majirani walioona kila Jumamosi tuliwaacha Magongo, kwa sababu mjomba alituamrisha tuufiche unga.

Basi hakimu akamgeukia mjane. Alikuwa amekwisha kuapishwa kwa Biblia asubuhi ile. Akaulizwa kama mumewe aliacha kupeleka chakula Magongo kabla ya kufa.

Nilimwangalia yule mjane. Neno moja lingetosha. Angesema aliacha, na hakuna mtu chini ya paa lile ambaye angemkanusha. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala kwenye paja lake, naye akawa anamtoa makamasi kwa upindo wa kaniki, taratibu, kama vile hakuna anayemngoja. Mzee wa kanisa alikuwa akimtazama. Nilimchukia kwa jibu ambalo bado hajalitoa.

"Hakuwacha," alisema. "Juma lile alokufa, mfuko ulikuja nusu. Miaka yote ulikuja nusu. Nilipima mimi mwenyewe."

Mkalimani akatafsiri. Hakimu akaandika mtu wa sita kwenye mgawo, yaani mimi, baada ya mjane na wanawe, na akaamuru fungu langu likae mahakamani, mama alipwe kidogo kidogo kwa matumizi yangu mpaka nikue. Ilikwisha hivyo, upesi, wakaitwa watu wa kesi nyingine.

Mjomba alitoka akisema ameshinda. Mimi sikuwa nikimsikia. Nilikuwa nikifikiri juu ya kiapo. Yule mtu aliyesimama barabarani hakusimama kwa sababu hanitaki. Alikuwa amekatazwa mlango, akafika mpaka pale kiapo kilipomruhusu kufika, na kila alipofika alinikuta nimempa mgongo nafagia ua uliokwisha fagiwa. Nilitamani mtu wa kumwambia hilo. Mama alikuwa na machungu yake, hakuwa na nafasi ya yangu.

Mjane alikuwa barazani anawafunga watoto nguo kwa ajili ya safari. Nilikwenda mwenyewe, bila kutumwa, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Alikaza fundo aliloshika. "Marahaba."

Nikamwomba anionyeshe siku moja kaburi la baba. Nilidhani kwa kuwa amesema kweli mbele ya hakimu basi ananitaka, na pengine nikienda kule wale watoto watanisogezea nafasi. Akanitazama usoni, kwenye lile paji, muda mrefu kuliko alivyomtazama hakimu.

"Nimeapa, nikasema ya Mungu. Chakula chako umekipata," alisema. "Kaburi li nyuma ya nyumba yangu. Hilo sikupi."

Akambeba mdogo mgongoni, wakaondoka, na wale watoto wakamfuata. Mkubwa aligeuka mara moja. Fungu langu lililipwa mpaka nikawa msichana mkubwa, halikukosa hata mwezi mmoja, na kwa hilo nilisoma. Rabai sikukanyaga. Ningeweza kwenda kwa siri, si mbali, lakini kila nikitoka naona kwamba yule mjane alitimiza kiapo chake na baba alitimiza chake, na mimi sina hata kimoja cha kutimiza ila kubaki nje nilikoambiwa nibaki. Basi narudi ndani.