Kibao cha Kliniki Umucyo

Saidati alikuwa na miaka kumi na miwili ya kutafsiri katika ofisi ndogo karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Rwanda na Goma. Murekatete alikuwa na miezi minne tu, lakini amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilimfanya Narcisse, mkuu wao, atabasamu kila anapokisoma. Tabasamu hilo Saidati alilijua. Zamani lilikuwa lake.

Ushirika wa akina mama wanaovuka kutoka Goma ukaagiza kijitabu cha picha za vibao vya mjini, chini ya kila picha Kiswahili chake. Narcisse akampa Murekatete atafsiri, Saidati apitie.

"Apitie!" Roho ilimuuma. Akaketi kuwinda makosa.

Picha ya tisa ilikuwa na lugha mbili. Juu: *Clinique Umucyo. Samedi: fermé.* Chini, kwa Kinyarwanda: *Ku wa gatandatu dukorera i Rugerero.* Murekatete aliandika: "Kliniki Umucyo. Jumamosi: imefungwa. Jumamosi tunatoa huduma Rugerero."

Saidati akafurahi. Msichana ameacha neno bila kulitafsiri! Akafuta Umucyo, akaweka Mwanga. Tena Jumamosi mara mbili? Vibao vya mji huu husema jambo moja kwa Kifaransa kisha kwa Kinyarwanda, na mtafsiri huliandika mara moja. Akafuta mstari wa mwisho bila kusoma Kinyarwanda chake, lugha aliyozaliwa nayo. Rasimu ikatumwa kwa akina mama waijaribu.

Jumamosi simu ikalia. Alikuwa Nyiraneza, binti wa shangazi yake wa Goma, mmoja wa akina mama wa ushirika, amevuka asubuhi ile.

"Dada, mutoto iko na homa kali. Naulizia Kliniki Mwanga, watu ya pikipiki wanasema haiko! Na kitabu inasema leo imefungwa. Niende wapi?"

Saidati akaifungua picha. Safari hii aliisoma yote, hata mstari wa Kinyarwanda.

"Panda pikipiki, ambia dereva Umucyo, ya Rugerero. Umucyo! Mi nakuja."

Mtoto alitibiwa malaria, akarudi nyumbani jioni ile ile.

Jumatatu Saidati alimwambia Narcisse yote, Murekatete akiwa amesimama pale pale.

"Jina linabaki jinsi lilivyoandikwa, kwa sababu ndilo mtu ataulizia njiani," Murekatete alisema polepole. "Na mistari ile miwili haikuwa inasema kitu kimoja. Dada, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakuonea wivu," Saidati akajibu.

Narcisse akakohoa, kisha akampa Murekatete picha zote zilizobaki, kutafsiri na kupitia.

Saidati akarudi mezani kwake. Aliurudisha mstari wa Rugerero kwa mkono wake mwenyewe, akalirudisha na jina, akatuma rasimu mpya kwa akina mama. Upande wa pili wa chumba Narcisse alikuwa ameinama juu ya kazi ya Murekatete, anatabasamu. Bado roho ilimuuma.