Karani wa Kifaransa na Barua za Shimoni

Watu wa mgodini walimshuku Nyamweya tangu siku aliyoshuka kwenye lori na sanduku lake la bati, na tusidanganyane, walikuwa na sababu. Mkisii, tena Msabato, halafu anajua Kifaransa! Kimemfikiaje? Wengine walisema ni jasusi wa Wabelgiji. Wengine walisema aliiba vyeti vya mtu. Hakuna aliyemwuliza mwenyewe, maana ukimwuliza mtu atakujibu, na utamu wote wa maneno utaisha.

Jibu lenyewe halikuwa na siri. Baba yake, Mzee Gichana, alikuwa mwinjilisti, na misheni ilimpeleka Ruanda miaka mingi nyuma pamoja na mkewe na wanawe wawili, Nyamweya na mdogo wake Makori. Huko Nyamweya akasomeshwa kwa Kifaransa mpaka akawa anaota kwa Kifaransa. Makori yeye alipenda mpira kuliko daftari. Vurugu za mwaka wa hamsini na tisa zilipoanza walirudi nyumbani, na kufikia sitini na mbili ndugu wote wawili walikuwa wamepata kazi katika mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Macalder. Makori alichimba chini. Nyamweya alikaa juu, ofisini, akitafsiri barua.

Barua zilitoka kwa Bwana Hanssens, injinia mzee Mbelgiji aliyekimbia Katanga akahamia Kisumu. Kila baada ya wiki mbili alikuja, akashuka shimoni na taa yake, akagonga mbao, akaonja maji ya ukutani kwa ulimi, akapanda gari lake akaenda zake. Siku chache baadaye ripoti ilifika kwa posta, kurasa nne za Kifaransa. Nyamweya aliitia katika Kiingereza, akaipiga taipu, nakala moja ikaenda kwa meneja, Bwana Pritchard, na nyingine ikabandikwa ubaoni kwa manyapara.

Sasa, Kifaransa kina tabia yake. Mtu akitaka kusema jambo linalotakiwa, au linaloogopwa, au lisilo na hakika, kitenzi hubadilisha sura. Sisi twaijua tabia hiyo: tunasema "lazima ashuke," hatusemi "lazima anashuka." Lakini Kiingereza cha leo sura hiyo kimeitupa karibu yote, kimebakiza vipande vya mahakamani na kanisani. Ukikilazimisha kuivaa, kinatembea kama mtu aliyeazima viatu. Nyamweya alilijua hilo tangu utotoni, kwa kumtazama baba yake akiwatafsiria wahubiri madhabahuni. Mzee Gichana alikuwa na desturi moja: baada ya ibada alimwendea mama mmoja wa kiti cha nyuma na kumwuliza, "Umesikia. Sasa ukifika nyumbani utafanya nini?" Jibu likilingana na alichotaka mhubiri, tafsiri ilikuwa njema. Lisipolingana, mzee hakula vizuri siku hiyo.

Mwezi wa nne mvua zilipiga vibaya, na pampu ya shimo la pili ikafa. Ripoti ya Hanssens ilipofika ilikuwa na sentensi hii: "Il faudrait que personne ne descende avant que la pompe ait été réparée."

Makori alikuwa wa shimo la pili. Kwanza mkono wa Nyamweya uliandika kwa penseli "Nobody must go down," mtu yeyote asithubutu. Akasita. Hanssens hakupiga meza hivyo. Alisema kwa adabu, kama mzee anayeonya. Akafuta, akaandika: "Nobody should go down until the pump has been repaired," yaani haifai mtu kushuka kabla pampu haijatengenezwa. Akaipiga taipu, akaibandika.

Maroa, nyapara wa shimo la pili, akaisoma, akawarudisha watu wake makwao. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, shimo limelala. Bwana Pritchard akawa mwekundu kama nyanya.

Hapo ndipo Nashon wa stoo alipopata mwanya. Nashon alikuwa na kamusi nene ya Kifaransa na Kiingereza aliyoinunua Kisumu, na kinyongo cha miaka miwili, kwa kuwa yule aliyeletwa kukaa ofisini penye feni hakuwa yeye. Akaingia kwa meneja na karatasi.

"Bwana, mimi sisemi kitu juu ya mtu," akaanza, na mtu akianza hivyo jua anakuja na kisu. "Lakini mdogo wake karani yuko shimo la pili. Na mimi nimeiona barua yenyewe, nikaitafuta ile sentensi neno kwa neno. Si hivyo ilivyo."

Nyamweya akaitwa. Mezani palikuwa na tafsiri ya Nashon: "It would be necessary that nobody descend before that the pump have been repaired."

"Hapa nina 'necessary,'" Pritchard akasema akigonga karatasi. "Nina 'would.' Nina 'descend.' Kwako havimo. Umevipeleka wapi?"

"Vimo, bwana. Vimo ndani ya 'should.' Mwingereza akimwonya mwenzake barabarani hasemi ingekuwa lazima kwamba asivuke."

"Mimi ndiye Mwingereza humu ndani," Pritchard akasema. "Usinifundishe lugha yangu. Una ndugu chini, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, bwana."

Nashon akakohoa kidogo, kwa raha.

Kibarua cha Nyamweya kilikuwa kinaota nyasi mbele ya macho yake, na mshahara huo ndio uliowalisha wazazi wake wawili. Akaikumbuka njia ya baba yake. "Mwite Maroa, bwana. Mpe karatasi zote mbili, umwulize kila moja inamwambia afanye nini."

Maroa aliitwa, akavua kofia. Kiingereza alikisoma polepole lakini vizuri. Akaanza na ya Nashon. Akarudi mwanzo. Akakuna kidevu.

"Hii ni maoni ya mzungu," akasema. "Anasema ingekuwa lazima. Ingekuwa, kama kungekuwa na jambo fulani. Jambo lenyewe sijaliona hapa. Sasa mimi si nitateremsha watu tu?"

"Na hii?" Pritchard akauliza.

Maroa hakuisoma hata mara ya pili. "Hii inasema hakuna kushuka mpaka pampu ipone."

Nyamweya akapumua. Mapema mno, masikini! Pritchard aliegemea kiti chake akatabasamu tabasamu baya.

"Haya basi. Injinia ametoa maoni, wewe ukatoa amri. Umelisema mwenyewe kwa mdomo wa shahidi wako. Kesho shimo la pili linafunguliwa, na wewe uanze kufunga sanduku lako."

Ushahidi wenyewe ukamgeuka Nyamweya! Na lililomuuma zaidi ni kwamba moyoni mwake alijishuku yeye mwenyewe. Si alikuwa ameandika "must" kwa penseli? Mtu aliyeanza na "must" akarudi kwenye "should," nani atajua alirudi hatua ngapi?

"Bwana Hanssens anakuja kesho asubuhi," akasema mwishowe. "Kabla hujafungua, mwulize. Lakini nisiulize mimi, wala usiniruhusu kusimama karibu. Aulize Maroa, kwa Kiswahili."

Pritchard alikubali, nadhani kwa kutaka kuona aibu ya karani ikikamilika.

Asubuhi gari la Hanssens likaingia lango kuu. Nyamweya alisimamishwa mbali, chini ya paa la stoo, Nashon kando yake akimlinda kama mwizi wa kuku. Maroa akaenda, kofia mkononi.

"Bwana injinia, shimo la pili leo tuteremke ama tusiteremke?"

Mzee Hanssens alishtuka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Katanga, cha maneno machache, lakini alikitoa kwa sauti iliyofika mpaka stoo. "Hapana! Hapana mutu kushuka! Pompe kwanza! Minaandika ile ya nini? Hamusome?"

"Yawa, jamani," Nashon akasema taratibu, akatazama viatu vyake.

Pritchard hakuomba msamaha. Watu wa namna ile msamaha hawakuubeba. Alisema tu, "Safari hii umepona," akaamuru kwamba tangu siku hiyo kila ripoti itafsiriwe na wawili, Nyamweya na Nashon, kila mmoja chumbani mwake, na Maroa azisome zote. Wakafanya hivyo miezi mitano. Mara zote injinia alipoulizwa, karatasi ya Nyamweya ndiyo iliyokuwa imesema alichotaka, haikuzidi wala kupungua. Mwishowe Nashon mwenyewe akachoka, akaifungia kamusi yake stoo. Wachimbaji wakaanza kusema, "Kama Nyamweya ameiandika, ndivyo ilivyo." Kwa mtu aliyeitwa jasusi, hilo lilikuwa tamu kweli, na hakuona haya kulifurahia.

Mwezi wa kumi ikaja ripoti juu ya nguzo za mbao zilizoshikilia paa la shimo la pili. "Il se peut que le boisage tienne jusqu'à la fin du mois."

Huenda zitahimili mpaka mwisho wa mwezi. Si "zitahimili," si "hazitahimili." Huenda. Nyamweya aliandika "The timbering may hold until the end of the month," na mara vidole vikamwasha. Neno moja tu dogo, "not," isomeke "may not hold," huenda zisihimili, na nani angemwita mwongo? Kinachoweza kusimama si kinaweza pia kuanguka? Lakini alimjua Maroa. Kwa ile ya kwanza angeteremsha watu, kwa ile ya pili angewarudisha. Na Hanssens, ambaye aliyaona mashimo yakiua watu Katanga, alikuwa amechagua upande wa kusimama. Karani akaiacha kama ilivyo, akaibandika ubaoni, akarudi kukaa.

Kabla ya zamu Makori akapita mlangoni, taa mkononi, kofia kisogoni.

"Ndugu, mzungu anasemaje juu ya nguzo?"

"Anasema huenda zitahimili."

"Wewe je?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Miaka yote alikuwa mdomo wa watu wengine. "Usishuke, Makori."

Makori akamkazia macho. "Hayo ni yake ama ni yako?"

Angeweza kudanganya. "Ni yangu," akasema.

Makori akacheka, akampiga begani kwa upendo. "Yako ni ya woga wa mama. Mimi nitafuata ile ya ubaoni. Si wewe uliyeiandika? Kama umeiandika wewe, ndivyo ilivyo."

Akaenda kuungana na wenzake, wakashuka mmoja baada ya mwingine. Nyamweya alibaki mlangoni akiwatazama, na alitamani kwa moyo wake wote kwamba watu wale wangekuwa bado wanamshuku.