Kidole cha Papa Xavier na Televisheni ya Inchi Ishirini na Sita

Polycarpe alikuwa na sheria moja katika karakana yake, na aliishika kuliko watu wengi wanavyoshika amri kumi: kitu ambacho mita haijakigusa, usikitolee neno. Si ndiyo, si hapana. Mteja angeweza kuapa kwa kaburi la mama yake kwamba mlango wake una upana wa sentimita themanini. Polycarpe angekunjua mita yake ya mbao, angeenda mwenyewe kuupima, na mara nyingi angekuta sabini na saba.

Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kalamu ya seremala haikutoka sikioni hata siku ya Jumapili. Katika karatasi za Zone ya Ibanda aliandikwa Citoyen Bulonza, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini kuanzia kanisani hadi sokoni kila mtu alimwita Polycarpe. Kazi aliifunzwa na mabruda, na kazi yake hata leo haijalegea popote alipoiacha. Watu walimwona mgumu. Mimi nasema alikuwa mkweli, na ukweli ukiwa katika mtu mmoja tu wa mtaa, lazima uonekane kama ugumu.

Mwaka 1983, Maman Georgette wa Nyalukemba alimwita nyumbani kwake. Maman Georgette alikuwa mjane wa mwalimu Lucien. Binti yao Apolline, muuguzi aliyefanya kazi Bujumbura, alikuwa amemnunulia mama yake televisheni na kuituma kwa gari. Ilikuwa imefika Kamanyola, katika depo ya msafirishaji, ikisubiri mtu wa kuichukua. Ndani ya barua Apolline aliandika: «Maman, iweke ndani ya kabati ya Papa na uifunge na ufunguo.» Kabati hilo la libuyu, mti mgumu wa kwetu, Polycarpe mwenyewe alikuwa amemtengenezea Lucien kwa ajili ya vitabu. Lilikuwa na milango miwili na kufuli ya shaba, na bila kabati kama hilo, televisheni katika nyumba iliyo kando ya barabara isingelala siku tatu bila kuibwa.

Hapo ndipo alipoingia Papa Xavier, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono kama ya mchinjaji, na alijiona mlinzi wa kila kitu ambacho ndugu yake aliacha. Mbele ya familia alikuwa ametoa neno lake: televisheni ikiingia ndani ya kabati, itakaa kwa mjane; isipoingia, itakaa kwake yeye, kwani kwake kuna ukuta na mlinzi. Familia ilikubali. Maman Georgette naye alikubali, lakini alijua kama sisi sote tulivyojua: kitu kikivuka kizingiti cha Papa Xavier, hakirudi.

Polycarpe alipofika alikuta kesi imekwisha kuhukumiwa. Papa Xavier alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, milango iko wazi, anapanga kidole gumba baada ya kidole gumba juu ya rafu, kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia.

«Makumi mbili na tatu, makumi mbili na ine, makumi mbili na tano. Basi! Imeisha!» Akasimama akihema. «Shemeki, barua inasema televizyo iko ya pouce makumi mbili na sita. Kabati iko ya makumi mbili na tano. Inazidi kidole moja. Pole sana.»

Asicheke mtu. Kwa Kifaransa tulichosomea shuleni, inchi inaitwa pouce, na kidole gumba nacho kinaitwa pouce. Papa Xavier hakuwa amedanganya kwa makusudi. Alikuwa amesikia neno moja na kuchagua maana iliyokuwa karibu na mkono wake, na karibu na tamaa yake pia.

Polycarpe alipiga magoti mahali palepale, akaanza kupanga kidole gumba chake chembamba. Akafika ishirini na tisa na nafasi kidogo ikabaki.

«Papa Xavier,» akasema, «kwa kidole yangu inaingia, na inabakia nafasi ya vidole tatu. Sasa tufwate kidole ya nani?»

«Basi muite na kidole ya Gouverneur!» Maman Georgette akasema kutoka mlango wa jikoni, sahani mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka.

«Kidole yako imekonda na njaa, fundi,» Papa Xavier akamjibu Polycarpe. «Wazungu walipima na kidole ya mutu anakula.»

«Wazungu walishaacha vidole, Papa. Pouce moja ni sentimetre mbili nukta tano ine. Kwa munene na kwa mwembamba.»

Akakunjua mita. Uwazi wa kabati, kati ya nguzo na nguzo: sentimita sitini na tano. Kimo: sitini. Kina: hamsini. Kisha akatoa kalamu sikioni na kuandika juu ya kipande cha ubao mbele ya macho ya wote. Ishirini na sita mara mbili, hamsini na mbili. Ishirini na sita mara nusu, kumi na tatu. Ishirini na sita mara sehemu nne za mia, moja nukta sifuri nne. Jumla: sitini na sita nukta sifuri nne.

Papa Xavier alisoma jumla ile, akasoma tena sitini na tano ya kabati, uso wake ukang'aa.

«Hata kwa sentimetre yako inazidi! Ulikuja kunisaidia, fundi? Aksanti sana.»

Maman Georgette aliketi kwenye kiti. Alikuwa mwanamke asiyelalamika, lakini mikono yake iliacha kukausha sahani.

«Bado,» Polycarpe akasema. «Ile sitini na sita iko inaenda wapi na wapi?»

«Upana, sasa wapi?»

«Hapana. Wanapima kioo kwa mshazari. Kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande ingine.»

Maseremala wana siri ndogo ambayo si siri. Wakitaka kujua kama kona ya meza ni mraba, wanapima sentimita sitini upande mmoja na themanini upande wa pili. Mshazari wa katikati ukiwa mia kamili, kona ni nzuri. Tatu, nne, tano. Polycarpe alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa miaka ishirini, na alijua kwamba kioo cha televisheni kilitengenezwa kwa uwiano uleule: mshazari sehemu tano, upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Akagawanya sitini na sita kwa tano, akapata kumi na tatu nukta mbili. Mara nne: hamsini na mbili nukta nane. Mara tatu: thelathini na tisa nukta sita.

«Kioo iko na upana ya sentimetre makumi tano na tatu, haifike vizuri,» akasema. «Na kimo ya makumi ine.»

«Basi inaingia!» Maman Georgette akasimama. «Papa Polycarpe, Mungu akubariki! Xavier, umesikia?»

Mtu mwingine yeyote angekunywa soda ya shukrani hapo, angepokea baraka, angerudi nyumbani akiwa shujaa. Polycarpe alikunja mita.

«Sijasema inaingia, Maman. Nimesema kioo inaingia. Kioo haisafiri uchi. Iko na sanduku, na ngambo ya kioo kuko haut-parleur ya kutoa sauti na vile vifungo vya kuzungusha. Wengine wanaviweka chini, wengine kando. Vikiwa kando, sanduku inaweza pita hata sentimetre makumi saba. Mpaka niiguse na mita, sina neno.»

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba hapo alizidisha. Siwaungi mkono. Mtu anayesema ndiyo kabla ya kupima ni mwongo, hata kama baadaye ndiyo yake inageuka kuwa kweli. Alibahatisha tu, na bahati si uaminifu.

Papa Xavier alirudisha tabasamu lake. «Vizuri. Siku ya posho naenda Kamanyola na camion ya Léopold. Nitaileta mwenyewe. Nitaangalia njiani kama inaingia.»

«Utaangalia na nini, shemeki?» Maman Georgette akauliza. «Na kidole?»

Kila mtu aliona jambo lilivyokuwa. Papa Xavier akirudi peke yake na mzigo ule, angeushusha kwake, na kuanzia siku hiyo hakuna mita ambayo ingeugusa. Mjane alimtazama fundi. Hakuomba.

Lakini siku hiyo ya posho, yaani Jumamosi, saa nne asubuhi, Polycarpe alikuwa na miadi na Padre Venant wa parokia. Padre alikuwa anatafuta fundi wa kutengeneza mabenchi arobaini ya kanisa jipya, na alikuwa amewaita mafundi wawili: Polycarpe na Modeste. Polycarpe alitoka kwa mjane, akaenda jioni hiyohiyo kuomba siku nyingine. Padre alisema baraza la parokia linaketi Jumamosi, halibadilishi. Polycarpe alimshukuru na kumuaga kwa heshima.

Jumamosi alfajiri alipanda camion ya Léopold, lori la mizigo, akakaa juu ya magunia nyuma ya Papa Xavier. Walipitia Nyangezi, wakateremka Ngomo polepole, gari likiegemea mlima, mpaka joto la tambarare ya Ruzizi likawapiga usoni. Katika depo karani aliwaonyesha katoni, ikiwa bado imefungwa kamba. Polycarpe aliomba ifunguliwe. Karani alisita.

«Inaandikwa kando, citoyen. Vingt-six pouces. Unataka nini tena?»

«Hiyo najua. Nataka sanduku.»

Ikafunguliwa. Haut-parleur ilikuwa chini ya kioo, si kando. Polycarpe alimpa Papa Xavier ncha ya mita ashike.

«Soma mwenyewe, Papa.»

Papa Xavier aliinama. Alisoma mara moja, akasoma tena. Karani na wapakiaji wawili walisogea kuangalia.

«Makumi sita na tatu,» akasema hatimaye.

«Kimo?»

«Makumi tano na tatu.»

«Na nyuma, mpaka mwisho wa kile kibyongo?»

«Makumi ine na sita.» Papa Xavier aliiachia ncha ya mita, akatazama kidole gumba chake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. «Inaingia.»

«Inaingia,» Polycarpe akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza juu ya jambo hilo.

Jioni televisheni iliteremshwa Nyalukemba. Kila upande palibaki sentimita moja, na kwa sababu sanduku la namna hiyo linapata moto, Polycarpe alikata dirisha katika triplex, ule ubao mwembamba wa nyuma ya kabati, ili hewa ipite, akamwonya Maman Georgette asifunge milango kabla haijazimwa. Papa Xavier ndiye aliyeibeba kuiingiza. Yafaa isemwe hivyo, kwani alisimamia neno alilolitoa mbele ya familia, na si wote wangelisimamia.

Mabenchi arobaini alipewa Modeste. Ilikuwa kazi ya miezi saba, na mwaka ule Polycarpe hakupata nyingine kubwa kama hiyo.