Sahihi Kwenye Fomu Tupu

Wapangaji walimwita Mama Tochi, na jina lenyewe alilipenda kuliko alivyokubali. Alikuwa karani wa nyumba ya vyumba ishirini na vinne, mali ya mjomba wake, na mpangaji mpya alipoingia, hata jua liwe la utosini, mama huyu alikuja na tochi. Alimulika chini ya sinki, nyuma ya mlango, pembe za dari. Kila alichokiona alikiandika kwenye fomu ya kuingia: kioo cha dirisha la kushoto kina ufa, bomba linadondosha, tundu mbili za misumari ukutani. Kisha mpangaji na yeye wakatia sahihi, kila mmoja akabaki na nakala yake.

"Dada, kwani tunanunua nyumba?" walimtania.

"Siku ya kuhama mtanishukuru," alijibu, na kweli walimshukuru.

Maana siku ya kuhama ndiyo siku ambayo wenye nyumba wengi hugeuka chui. Mtu ameweka amana ya elfu tisini, amekaa miaka mitano, anaondoka, anaambiwa pesa imeliwa na rangi. Kwa Mama Tochi hilo halikuwepo. Aliitoa ile fomu ya kuingia, akapita chumbani tena, akalinganisha mstari kwa mstari. Ufa uliokuwepo tangu mwanzo haumhusu mpangaji. Rangi iliyofifia, bawaba iliyolegea, huo ni uchakavu wa kawaida, na kodi ndiyo inayoulipia. Kilichovunjwa au kuunguzwa ndicho kilichokatwa, tena kwa risiti ya fundi, na kama kitu chenyewe kilishatumika nusu ya maisha yake, mpangaji alilipa nusu tu. Rangi ya nyumba ile aliipa miaka mitatu. Ikipita hapo, hata ukuta uwe mweusi kama chungu, hakati hata senti.

Na amana zenyewe hazikuchanganywa na kodi. Zilikuwa na akaunti yake benki, na kila mpangaji alikuwa na kadi yake sandukuni. Kila mwisho wa mwezi alijumlisha salio la kadi zote ishirini na nne, akalinganisha na salio la benki. Zikilingana, alifunga sanduku akaenda kunywa chai kwa amani ya moyo. Mjomba alipotupia jicho akaunti ile nono, Mama Tochi alimwambia waziwazi, "Hii si pesa yako, mjomba. Ni deni. Siku yoyote wenyewe wanaweza kuja kuidai." Mjomba alicheka, akamwambia amesoma mpaka amezidi. Lakini ni yeye aliyemsomesha. Baba wa Mama Tochi alipofariki, mjomba ndiye aliyelipa ada ya uhasibu muhula kwa muhula, na hilo hakulisahau hata siku moja. Hundi za akaunti ile zilitaka sahihi mbili, ya mjomba na ya mpwa, na kwa miaka kumi na minane sahihi hizo hazikuwahi kugombana.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana ni kosa ambalo angeweza kulifanya mtu kama yeye tu. Binti yake alijifungua mbali, tena kwa taabu, na simu ikaja kwamba mama anahitajika. Wapangaji watatu walikuwa wanahama mwisho wa mwezi uleule: fundi cherehani wa chumba namba tisa, muuguzi mmoja, na mzee dereva wa lori aliyekuwa anarudi kwao na mkewe kupumzika. Mtu mzembe angewaambia wasubiri. Mama Tochi hakupenda mpangaji asubiri pesa yake hata siku moja. Basi alichukua fomu tatu za kuhama, akazitia sahihi zikiwa tupu. Akachukua na hundi tatu, akazitia sahihi bila jina wala kiasi.

"Mjomba, pita vyumbani na fomu zao za kuingia," alimwambia. "Ukiona kitu kimeharibika, nipigie. Ukishaandika, wape nakala na hundi yao."

"Nenda kamlee mjukuu," mjomba alisema. "Mimi si mtoto."

Wiki tatu akawa huko, na mjomba hakupiga simu hata mara moja. Alijiambia, afadhali, vyumba vimeonekana safi. Aliporudi, kabla hata ya kufungua begi, alikwenda kwenye sanduku la kadi. Akajumlisha masalio tu, akaichukua taarifa ya benki. Zililingana mpaka senti ya mwisho. Alifurahi, tena alimwombea mjomba baraka.

Jioni hiyo alipita kwenye kibanda cha fundi cherehani kuchukua gauni alilolipeleka kupunguzwa. Alimkuta fundi amekaa, na nyuma yake, kati ya marobota ya vitambaa, magodoro mawili yamekunjwa na sufuria zimepangwa ukutani.

"Habari za hapa, mwenzangu?"

Fundi aliukata uzi kwa meno, akalikunja gauni, akalisukuma mezani.

"Kulikoni? Mbona vyombo viko hapa?"

"Vitakuwa wapi?" fundi alisema. "Chumba kipya kinataka amana. Amana yangu umeila wewe. Mimi na wanangu wawili tunalala hapa wiki ya tatu sasa."

"Mimi?"

Fundi akafungua droo, akatoa karatasi, akaiweka juu ya gauni. Rangi, elfu arobaini. Kioo cha dirisha, elfu ishirini. Sakafu, elfu thelathini. Jumla ya makato, elfu tisini. Salio la kurudishiwa, hakuna. Na chini kabisa, kwa wino wa buluu, sahihi ya Mama Tochi, ile yenye mkia mrefu ambayo wapangaji waliijua.

Alisimama pale akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kioo! Kioo ambacho mwenyewe aliandika kina ufa kabla fundi hajaleta hata kijiko mle ndani! Sasa akaelewa kwa nini hesabu zililingana. Mjomba aliandika makato kwenye kadi, kadi ikabaki sifuri, kisha akatoa benki kiasi kilekile. Uongo ukiandikwa pande zote mbili kwa kiasi kimoja, hesabu haina pa kulia.

"Sakafu ya plastiki niliiunguza kwa pasi, sikatai," fundi alisema. "Lakini thelathini? Na rangi ya miaka mitano? Ni wewe uliyetufundisha mambo haya, Mama Tochi. Wewe!"

Kesho yake asubuhi alimkuta mjomba barazani na gazeti. Alimwekea mbele fomu tatu, taarifa ya benki na nakala za hundi kutoka benki. Hundi zote tatu zilikuwa zimeandikwa jina la mjomba.

"Risiti za mafundi ziko wapi, mjomba?"

"Risiti za nini? Duka analojenga binamu yako lilibakiza mabati tu. Pesa ningeipata wapi?"

"Hizi ni pesa za watu."

"Watu wamesharidhika, wameondoka. Mbona unajitafutia presha?" Aligeuza ukurasa wa gazeti. "Na ukitaka kelele, kumbuka sahihi ni ya nani."

Aliisema polepole, kama anamkumbusha kunywa dawa. Hapo ndipo moyo wa Mama Tochi ulipovunjika. Wizi angeweza kuusamehe, Mungu shahidi, angekaa naye wakapanga alipe kidogo kidogo. Lakini mtu aliyemlea alikuwa amekwisha kumwandalia shimo la kutumbukia.

Alirudi ofisini, akatoa nakala za fomu za kuingia, akafuatana na fundi mpaka baraza la kuamua kesi za nyumba. Mama yake mzazi alipiga simu mchana huohuo. "Unamshitaki mdogo wangu?" alilia. "Aliyekuvisha viatu?" Mama Tochi alimwacha aseme yote mpaka simu ikakatika yenyewe.

Siku ya shauri mbele ya baraza, mjomba alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, mpole kama maji ya mtungini. "Mimi mambo ya karatasi siyajui, mwenyekiti," alisema. "Karani ni huyu. Alikagua yeye, akaandika yeye, akatia sahihi yeye. Ni mpwa wangu, naona haya kusema zaidi."

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani minene, alimgeukia Mama Tochi. "Ulitia sahihi fomu tupu?"

"Ndiyo."

"Na hundi?"

"Na hundi."

"Kwa miaka kumi na minane ya kazi, hukujua hilo ni kosa?"

"Nilijua. Nilimwamini."

Mwenyekiti alizitazama hundi na jina lililokuwa juu yake, akaomba risiti za matengenezo, mjomba akakohoa. Shauri halikuchukua muda. Rangi ikafutwa, kioo kikafutwa. Sakafu, Mama Tochi mwenyewe ndiye aliyeipigia hesabu mbele ya baraza: kiraka kingegharimu elfu nane, sakafu ilikuwa imekaa miaka mitano kati ya kumi, kwa hiyo fundi akatwe elfu nne na arudishiwe themanini na sita. Baraza likamwamuru mjomba awarudishie na wale wengine wawili chao, na karani akaandikiwa onyo kali ambalo hakulipinga.

Nje, mjomba alimpita bila kumtazama, kisha akarudi hatua mbili. "Nilikusomesha ujue hesabu," alisema. "Sikukusomesha unihesabie mimi. Funguo za ofisi nizikute mezani."

Alizipata mezani. Fundi alipata pesa yake, akaihesabu mara tatu mbele ya Mama Tochi, jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulifanya, na Mama Tochi akasubiri mpaka amalize. Muuguzi naye alipatikana, akapokea chake huku akitukana, haki yake. Akabaki mzee dereva. Hakuwa amelalamika popote, wala hakuwa ameulizia, na namba yake ilichukua siku mbili kupatikana. Fomu yake ilisema sinki limepasuka, elfu hamsini na tano, na rangi thelathini na tano. Ufa wa sinki ulikuwa kwenye fomu ya kuingia, mstari wa pili.

"Mama Tochi!" mzee alifurahi mpaka akakohoa. "Kumbe bado unatukumbuka, mwanangu?"

"Mzee, nakupigia kuhusu ile amana yako."

"Aa, hiyo iliisha. Kwanza niliumia, sikufichi. Nilitaka kuja juu. Halafu nikaona sahihi yako pale chini, nikasema, basi, kama Mama Tochi amekata, ujue tumeharibu kweli."

Mama Tochi aliivuta ile fomu ya kuingia, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Mke wangu aliapa sinki hakuligusa," mzee aliendelea. "Nikamwambia anyamaze, yule mama hakosei. Mwezi mzima hatusemezani vizuri kwa ajili ya sinki hilo."

"Sinki lilikuwa na ufa kabla hamjaingia, mzee. Hakulivunja. Ile sahihi niliitia kwenye karatasi tupu, mwingine akaandika. Pesa yenu yote inarudi."

Upande wa pili alisikia mke wa mzee akiuliza kwa mbali, kutoka jikoni, ni nani huyo anayepiga.

"Elfu tisini nitazipokea," mzee alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Lakini huyu hapa jikoni, mwanangu, nitamwambia nini?"