Niliangalia Ramani ya Juu Peke Yake

Utaratibu wa sauti moja niliuweka mimi mwenyewe, na sikumwomba mtu ruhusa. Kikundi chetu cha ushirika wa wavuvi, hapa Bwejuu, kilikuwa na fujo kwenye simu. Kila tahadhari ya hali ya hewa ikitoka, kila mtu anakuwa mtabiri. Huyu analeta picha ya mwaka juzi, yule kaambiwa na shemegi yake wa Nungwi kuwa huko kumetulia. Nikasema basi. Tahadhari itoke kwa ofisa wa uvuvi, impate katibu wetu, katibu aniletee mimi, na mimi niseme kwa sauti kwenye kikundi: boti zitoke au zisitoke. Mwenyekiti akishasema, hapana mjadala.

Walikubali kwa sababu mimi si mtu wa kubishiwa. Nimekulia Jang'ombe, mjini, skuli niliiacha darasa la tatu, nikabeba magunia mpaka nikanunua boti ya faiba kwa jasho langu, nikahamia huku kwao mama. Nimewaajiri watu waliosoma kuliko mimi, na nikawafukuza pia.

Lakini kusoma kwangu ni kwa taabu. Jina langu naliweza, tarakimu naziweza. Maneno yakishafika mstari wa tatu yananikimbia. Hilo nililificha miaka yote. Nikipewa karatasi nasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani sina.

Katibu wetu ni mwanamke, mkulima wa mwani, na mume wake ni nahodha wa boti moja ya kikundi. Kila tahadhari alikuwa ananiletea picha, na chini yake sauti yake: "Shikamoo mwenyekiti. Kesho upepo mkali, mawimbi yanapita mita mbili. Mimi naona wasitoke." Naisikiliza mara mbili, natoka uani, nasema yale yale kwa sauti nzito kama yametoka kichwani mwangu. Watu wakinisifu kwa kuijua bahari, nasifika.

Siku hiyo ilikuwa katikati ya msimu wa kusi. Baada ya Alasiri simu ikalia. Picha imekuja, na chini yake maandishi marefu. Sauti hakuna. Nikangoja. Nikanywa chai, nikangoja tena. Hakuna.

Picha zile zina ramani kadhaa, kila siku na yake. Siku isiyo na hatari ramani yake haipakwi rangi. Manjano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, hapo hata kusogelea maji usithubutu. Rangi hizo nilikuwa nazijua, na kuzijua huko ndiko kulikoniponza. Nikaitazama ramani ya juu, ile kubwa. Safi, haina rangi. Nikasema moyoni, kumbe hata katibu simhitaji.

Mke wangu alikuwa jikoni anakuna nazi. Yeye anasoma vizuri, na siri yangu anaijua. Lakini tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi, nikaona nikimpa simu anisomee, nimeshindwa mimi. Nikabonyeza, nikasema: "Assalamu alaykum. Mwenyekiti nasema. Kesho bahari haina neno. Boti zitoke."

Ramani ya juu ilikuwa ya siku ile ile, iliyobakisha saa chache kwisha. Ya kesho yake ilikuwa chini yake, ndogo, na pwani yote ya Unguja imepakwa chungwa.

Boti tano zilitoka baada ya sala ya Alfajiri. Ndani ya mwamba maji yalikuwa yametulia, maana mwamba unayakinga, na mimi nikasimama pale dikoni, boti zinapoegeshwa, mikono kiunoni nikiyatazama. Saa nne upepo ukakaza. Kule nje mawimbi yakawa yanapasuka juu ya mwamba mpaka unaona moshi mweupe. Boti nne zikarudi moja moja, watu wamelowa. Mmoja akashuka, akanipita, akasema bila kunitazama, "Hii ndiyo haina neno yako, mwenyekiti?"

Ya tano ilikuwa ya mume wa katibu. Tuliiona ikiuelekea mlango, ile njia nyembamba ya kupita kwenye mwamba. Wimbi likaipiga nyuma, mashine ikazimika, la pili likaipindua. Vijana waliingia na boti mbili wakawatoa watu wote watatu. Nahodha alikuwa amebanwa baina ya boti na jiwe. Alipolazwa mchangani mkono wake wa kulia ulikuwa umeelekea kusikoelekea mkono.

Katibu alifika adhuhuri kutoka Makunduchi, kwenye msiba wa shangazi yake. Simu yake ilikuwa imezimika chaji tangu jana yake, kwa hiyo sauti yangu hakuisikia. Alipita mbele yangu akaingia kwenye gari na mumewe, wakaenda hospitali.

Siku ya tatu tukakutana kwenye banda la dikoni. Nilikuwa nimejua tayari. Nilikuwa nimempa mke wangu simu akanisomea maandishi yote, na mwisho wake palikuwa na maneno wazi: kesho wasitoke, mwenyekiti, tafadhali, hata za karibu. Mke wangu alinirudishia simu, akarudi jikoni.

Mtu mmoja akauliza, "Mwenyekiti, wewe si ulisema bahari haina neno?"

Nikajibu, "Mimi nasema kwa ninacholetewa. Muulizeni katibu kaleta nini."

Wote wakamgeukia. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa na uwezo wa kuifungua pale pale nikaumbuka. Akaifunika kwa pindo la kanga, akasema, "Nilikuwa msibani. Labda sikutuma vizuri."

"Ndiyo maana nasema, kazi za bahari muwaachie wanaume!" mwengine akarusha, na watu wakacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilinyamaza. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini lile la kunyamaza ndilo linaloniamsha.

Nilistahamili siku mbili. Ya tatu nikenda kwao. Nahodha alikuwa barazani, mkono umefungwa plasta. Katibu alikuwa anaanika mwani kwenye kamba.

"Shikamoo mwenyekiti."

Nikamwambia, "Mwanangu, ulituma sawa. Mimi maandishi siyawezi."

Hakuacha kuanika. "Nnajua, mzee. Miaka yote nnajua. Kwa nini unafikiri nakutumia sauti? Siku ile maiti alikuwa ndani, nimezungukwa na watu, n'taanzaje kuisemesha simu? Nikaandika. Nikasema, atamwita mtu amsomee."

Nahodha akasema, "Mimi nshakusamehe mzee wangu. Lakini mke wangu anachekwa dikoni."

Hilo la mwisho lilinitosha. Ijumaa, baada ya sala, nikasimama kwenye lile banda nikayasema yote: kwamba kusoma sijui, kwamba ramani niliyoiangalia si ya kesho, kwamba katibu aliandika wasitoke na mimi nikamsingizia. Nilitaka wanitukane. Wakaangalia miguu yao tu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Uenyekiti waliniachia. Sauti nikaiacha mwenyewe.

Sasa anasema katibu, moja kwa moja kwenye kikundi. Anasoma siku kwa siku, ya leo, ya kesho, ya keshokutwa, anataja rangi, halafu anamalizia: "Boti zote zisitoke, za nje na za ndani, mpaka niseme tena." Boti yangu ndiyo ya kwanza kuvutwa juu.

Mkono wa nahodha umepona, ila haukunyooka. Tukikutana msikitini ananipa huo huo. Naupokea taratibu, na kila mara mimi ndiye wa kwanza kuangalia chini.