Karatasi Niliyoigongea Mhuri

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nasema mapema ili nisije nikasingiziwa upole. Miaka michache iliyopita, kwenye semina ya walimu wa ushauri nasaha, tulijaza jaribio la haiba, na majibu yangu yakasema kwamba mimi ni mpole, msikivu, na huepuka mabishano. Nilipomsomea mume wangu, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akaniuliza hiyo karatasi ni ya nani. Nilinuna jioni nzima, kisha nikakubali yaishe. Nilikuwa nimejaza vile ninavyotamani kuwa.

Ungedhani somo hilo lingenikaa. Halikukaa.

Nafundisha Historia katika sekondari moja ya Sekei, na juu ya vipindi vyangu nimebebeshwa ushauri wa wanafunzi. Kila mwaka, kabla kidato cha nne hawajajaza fomu za kuchagua tahasusi na vyuo, nawapa dodoso la vivutio vya kazi. Lina sentensi sitini. Kila sentensi inataja shughuli fulani, mathalani kutengeneza pampu, kupanga mafaili au kumfariji mgonjwa, na mwanafunzi anatia tiki: napenda, sina hakika, sipendi. Baadaye nahesabu zile "napenda" katika makundi sita: kazi za mikono na za nje, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, biashara na uongozi, na utaratibu wa kumbukumbu. Kundi lenye tiki nyingi linaonyesha mtu anakovutwa. Halipimi akili, wala halijui mtu anaweza nini.

Mwaka ninaousimulia mambo yalianza kombo. Wanafunzi wetu, ukiwapa karatasi yenye maswali, wao wanaona mtihani, na mtihani una majibu. Kijana anayeongoza darasa alikaa mbele, na wavulana saba waliokaa nyuma yake wote wakatoka wapenzi wa sanaa, tiki kwa tiki, hata yule ambaye sijawahi kumwona akichora mstari ulionyooka. Niliwafokea, nikawarudishia karatasi wakajaze upya, kila mtu na kona yake.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimesikia kwamba wazazi wengine waliwashia jiko zile karatasi za majibu. Iliniuma. Kwa hiyo safari hii nilichapa vizuri, jina la kundi lililoongoza nikaliweka kwa herufi kubwa, na chini yake mfano wa kazi. Kisha nikamsihi katibu muhtasi aniazime mhuri wa shule. Niligonga karatasi zote mchana mmoja, na sitaficha, nilifurahia ule mlio. Safari hii, nilijiambia, hakuna atakayewashia jiko.

Kweli hakuna aliyewashia. Alhamisi iliyofuata, binti mmoja wa kidato cha nne alikuja ofisini baada ya vipindi. Ni mtoto wa wafugaji wakulima wa Nduruma, siku za shule anakaa kwa shangazi yake Kijenge. Tangu kidato cha kwanza alikuwa na neno moja: daktari wa mifugo. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ataomba tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Kilimo, na alama zake zilikuwa zinaruhusu.

Alinipa shikamoo, akabaki amesimama.

"Madam, baba amesema niandike chuo cha uhazili, nisomee ukatibu," alisema. "Amesema wewe ndiye umeamua."

Damu ilinipanda. Nilimwambia mimi sijaamua kitu, tena kwa sauti ambayo hakustahili yeye. Akafungua daftari lake akanionyesha alichokuwa amenakili, kwa sababu karatasi yenyewe baba yake alikataa kuitoa: MTU WA UTARATIBU. KAZI ZA OFISINI. Maneno yangu mwenyewe. Fomu zilikuwa ziwasilishwe Jumatatu, na binti huyu hakuwa mtu wa kuandika jambo ambalo baba yake amelikataza.

Nilimkalisha nikatoa dodoso lake kwenye faili. Utaratibu, tiki saba. Uchunguzi, sita. Kazi za mikono na za nje, sita. Niliona aibu ikinipanda shingoni. Tofauti ya tiki moja si tofauti. Akijaza kesho mpangilio unaweza kugeuka, na mimi ninayelijua hilo nilikuwa nimeandika kundi moja tu, nikayaacha mengine mawili kana kwamba hayakuwepo.

Halafu nikaona kitu kingine. Kumtibu mnyama mgonjwa: sipendi. Kujifunza jinsi magonjwa yanavyoenea: sipendi. Kufanya kazi na mifugo: sipendi. Nilimuuliza alikuwa anafikiria nini. Alivuta uzi wa sweta. Mtamba wao, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu ndama, alikuwa amekufa kwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe, siku mbili kabla ya dodoso. Yeye ndiye aliyegusa tezi zikiwa zimevimba chini ya sikio, akasema huyu anaumwa, na dawa ikachelewa.

"Siku ile ungeniuliza kuhusu ng'ombe yeyote, ningesema sipendi," aliniambia.

Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka Nduruma. Nilikuwa nimepanga hotuba kali njia nzima. Vumbi lilinipunguza makali, na baba mtu akamaliza yaliyobaki, maana alinipokea kwa heshima niliyoionea haya. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti kizuri. Mama alileta loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, nikala kabla ya neno lolote, kwani kwa watu wale hakuna shauri linaloanza na tumbo tupu.

Kisha baba akaenda ndani akarudi na bahasha ngumu. Ndani kulikuwa na hati ya shamba, vyeti vya kipaimara vya watoto wote, na katikati yake karatasi yangu, imevishwa plastiki. Niliiangalia nikatamani angekuwa ameiwashia jiko.

Alinieleza kwa utulivu. Yeye hakusoma sana. Miaka yote mtoto anasema daktari wa ng'ombe, na yeye alikuwa tayari. Lakini shule imempima, shule imeona ni wa ofisi, imegonga mhuri. Je, amlazimishe mtoto kwenye kazi ambayo hakuumbiwa, aje amlaumu uzeeni? Alikuwa ameumia kuliko mimi nilivyodhani. Nilikuja kupambana na baba mkaidi, nikamkuta baba mtiifu, na niliyetiiwa ni mimi.

Nilimwomba msamaha. Jambo hilo si jepesi kwangu. Nikamwambia mhuri ule niligonga mimi, ili karatasi ipendeze, na kwamba ile ni picha ya asubuhi moja tu. Nikamweleza tiki saba na tiki sita. Nikamweleza na zile sentensi tatu, na mtamba. Hilo hakuwa amelijua. Alimtazama binti yake aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akamuuliza jambo kwa Kimeru, naye akaitikia kwa kichwa, macho chini. Mzee akaiinua ile karatasi.

"Kwa hiyo karatasi imedanganya," alisema.

Ningeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa kurahisisha. Nikamwambia hapana, haikudanganya. Binti anapenda kweli kuweka mambo kwa mpangilio, sentensi zile alizijibu bila huzuni yoyote. Kosa ni langu niliyeruka kutoka kwenye utaratibu moja kwa moja hadi mezani kwa katibu muhtasi, kana kwamba mpangilio unaishi ofisini peke yake. Nikamuuliza: hapa nyumbani, huo utaratibu wake unauona wapi?

Mzee alifikiri. Kisha akainuka, akaingia upande wa zizi, akarudi na daftari la kurasa nyingi lenye jalada lililolika na unyevu. Kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake. Tarehe za kuogesha, tarehe za chanjo, siku ya kupandishwa, siku ya kuzaa, nani alikohoa, nani aligoma kula, yote kwa mwandiko wa binti, tangu akiwa darasa la sita. Ukurasa wa mtamba yule ulikuwa na mstari mmoja chini kabisa, na baada yake hakuna kitu.

"Huu ndio utaratibu wake," mzee alisema. Akageuza kurasa polepole. "Bibi mifugo akija hapa kutibu ng'ombe, anaomba daftari hili kwanza."

Nilivuta kiti karibu na lile daftari. Nikamwambia hivyo ndivyo inavyosomwa: karatasi mkono mmoja, daftari mkono wa pili, alama za Baiolojia na Kemia mezani, na mtoto mwenyewe yupo anaulizwa. Nikaongeza, kwa sababu sikutaka kugonga mhuri mwingine kwa mdomo, kwamba hata hivyo hakuna kinachoahidi atakuwa daktari wa mifugo. Anaweza kufika mbele akapenda kingine.

"Sasa inasema nini hiyo karatasi yako?" aliuliza, na safari hii alikuwa anatania.

"Inasema tumuulize."

Akamuuliza. Binti alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, kwamba bado anataka, na anataka zaidi tangu mtamba afe. Mama alitoka nje kwenda kufuata kuni ambazo hazikuhitajika.

Nilirudi mjini nikiwa mwepesi, nikijua limekwisha. Halikuwa limekwisha. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, mzee alikuwa ofisini amevaa koti lake la ibada, bahasha kwapani. Aliitoa karatasi kwenye plastiki, akailaza mbele yangu.

"Mwalimu, mimi nimekuelewa. Lakini nikifa kesho, wajomba zake watakuta karatasi, hawatakukuta wewe. Mhuri ndio uliomfunga. Mhuri umfungue."

Mimi ambaye hubisha hata na redio, niliona ana haki. Nilichukua kalamu, nikaandika chini ya zile herufi kubwa: Uchunguzi na kazi za nje ziko karibu sawa na utaratibu. Haya ni majibu ya siku moja, katika siku za msiba wa mtamba. Hayachagui kozi. Katibu muhtasi alisoma, akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyechanganyikiwa, akanisogezea mhuri na kidau cha wino. Niligonga taratibu.

Mzee aliipuliza ile bluu mpaka ikakauka. Kisha akasoma tena, kidole chini ya kila neno.

"Hapa hujaandika atakuwa nani," alisema.

"Sijaandika, baba."

"Vizuri," alisema, akairudisha kati ya vyeti vya kipaimara. Alipotoka alimpita binti yake mlangoni, akampa kalamu yake mwenyewe, na binti akaja mezani kwangu kujaza fomu.